Seva Ikabanwa, Skana Ikagoma

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, simu ya kwanza ilitoka kwa mhasibu. "Kaka, mashine ya fotokopi inakataa kutuma. Naskani, inanguruma weee, mwisho inaandika imeshindwa. Ijumaa ilikuwa nzima kabisa." Sijamaliza kumjibu, ya pili ikaingia, ya mkurugenzi mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, barua hazishuki kwenye simu yangu tangu juzi. Umenifungia?"

Nilikuwa nimemfungia kweli, ila bila kujua. Ijumaa jioni, ofisi ikiwa tupu, niliingia kwenye seva ya barua pepe ya ile ofisi ya uwakala wa forodha, watu kama arobaini hivi, karibu na bandari ya Dar es Salaam. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshusha kiwango cha usalama cha seva ili kila mtambo upite, mpya kwa mzee. Nikaona aibu. Nikaandika mistari michache, nikaiwasha upya, nikajaribu kwa kompyuta yangu, barua ikaenda na kurudi. Nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika. Kosa langu lilikuwa hapo hapo, kwenye kujaribu kwa kompyuta yangu.

Ili kosa lile lieleweke, tuanzie kwenye yale mazungumzo mafupi yanayofanyika kila programu ya barua inapobisha hodi kwenye seva. TLS ni utaratibu wa kufunika mazungumzo hayo ili anayesikiliza njiani, kwenye waya au kwenye intaneti ya mgahawani, aambulie makelele matupu. Kabla ya kufunika lazima pande mbili zikubaliane. Programu ndiyo inayoanza: inataja toleo la juu kabisa la TLS inaloliweza, kisha inatoa orodha ya mbinu za kusimba inazozijua. Seva inasoma orodha, inachagua toleo moja na mbinu moja, na kazi inaanza. Ikikosa hata kitu kimoja cha pamoja, seva inakata mazungumzo palepale. Mtumiaji haambiwi sababu. Anaona "imeshindwa kuunganisha", basi.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kukubaliana, toleo na mbinu, na mafundi wengi hulikumbuka la kwanza tu.

Matoleo ni machache. TLS 1.0 ilitoka 1999, 1.1 ikafuata 2006, 1.2 mwaka 2008, na 1.3 mwezi Agosti 2018. Nyuma yao kulikuwa na SSL 2 na SSL 3, ambazo leo hazina mtetezi; SSL 3 ilizikwa Oktoba 2014 baada ya watafiti wa Google kutangaza shambulio waliloliita POODLE. Machi 2021 IETF, chombo kinachoandika kanuni za mtandao, kilitoa waraka wa RFC 8996 unaosema TLS 1.0 na 1.1 zisitumike tena.

Hapa niseme jambo ambalo mafundi wenzangu hawapendi kulisikia. Mashambulio yaliyoipa TLS 1.0 sifa mbaya, kama BEAST ya 2011, yalihitaji adui aifanye kompyuta yako itume maombi yaleyale mara nyingi sana, na njia yake ilikuwa kuendesha programu yake ndani ya kivinjari chako. Programu ya barua haiendeshi programu za watu wasiojulikana namna hiyo. Inafungua sanduku, inachukua barua, inafunga. Hivyo anayekwambia kwamba skana yenye TLS 1.0 itaibiwa kesho asubuhi anakutisha tu. Sababu ya kuiacha ni nyingine: misingi yake ya kuthibitisha mazungumzo ni MD5 na SHA-1, ambazo zimechakaa, haina mbinu mpya za kusimba, na maktaba za programu zenyewe zinaitupa. Kwenye OpenSSL 3.0, ambayo seva nyingi za Linux zinaitumia sasa, TLS 1.0 na 1.1 hazifanyi kazi mpaka mtu ashushe kiwango cha usalama hadi sifuri. Wengi wamefungiwa na sasisho la mfumo endeshi, wala si na fundi wao. Debian 10 ya mwaka 2019, kwa mfano, ilikuja na TLS 1.2 kama kiwango cha chini kwenye faili la mipangilio la OpenSSL, na ofisi zilizosasisha seva bila kusoma maelezo zilishangaa kesho yake.

Sasa mbinu za kusimba. Kwenye seva huandikwa kwa majina marefu ya kutisha, lakini yakikatwa vipande yanasomeka. Chukua hili:

```
ECDHE-RSA-AES128-GCM-SHA256
```

Kipande cha kwanza, ECDHE, ni namna pande mbili zinavyotengeneza ufunguo wa mazungumzo haya peke yake, ufunguo unaotupwa yakiisha. Faida yake ni kwamba hata mtu akiiba ufunguo mkuu wa seva mwaka ujao, hawezi kurudi nyuma akafungua barua alizozinasa leo. RSA ni aina ya cheti ambacho seva inajitambulisha nacho. AES128 ndiyo kufuli yenyewe. GCM ni namna kufuli hiyo inavyotumika, fungu kwa fungu, huku ikihakikisha kwamba hakuna aliyechezea maneno njiani. SHA256 ni hesabu inayotumika kuzalisha funguo. Ukikuta jina la AES lisilo na GCM, kama `ECDHE-RSA-AES128-SHA`, ujue ni mtindo wa zamani uitwao CBC: kufuli ileile, utaratibu wa kizamani wa kuifunga. Kipande hicho cha GCM kikumbukeni, ndicho kilichonitesa Jumatatu ile.

Nirudi ofisini. Nilichokiandika Ijumaa kwenye Dovecot, ile programu inayowapa watu barua zao, kilikuwa hiki:

```
ssl_min_protocol = TLSv1.2
ssl_cipher_list = ECDHE+AESGCM:ECDHE+CHACHA20
```

Na kwenye Postfix, inayopokea na kutuma, niliweka vivyo hivyo kwenye milango yote.

```
smtpd_tls_mandatory_protocols = >=TLSv1.2
smtpd_tls_protocols = >=TLSv1.2
```

Mistari hii haina kosa la kuandika. Ukimwonyesha mkaguzi wa usalama atakupigia makofi. Lakini iliangusha vitu vinne, na kila kimoja kwa sababu yake.

Nilianza na skana kwa kuwa mhasibu alikuwa hanipi pumzi. Kitu cha kwanza cha kufanya katika hali hii ni kusoma kumbukumbu za seva, kabla hujagusa mpangilio wowote. Nilimwomba askani karatasi tupu huku mimi nikitazama.

```
SSL_accept error from unknown[192.168.1.40]: -1
TLS library problem: error:0A000102:SSL routines::unsupported protocol
```

Maneno ya mwisho ndiyo yenye habari. Unapoona `unsupported protocol`, kifaa kimekuja na toleo ambalo seva hailikubali. Mashine ile ya fotokopi ilinunuliwa zamani, na programu iliyomo ndani yake inajua TLS 1.0 tu. Nilitafuta sasisho kwa mtengenezaji, hakuna. Mashine za namna hii hudumu miaka kumi na zaidi kwa sababu roli na taa zake ni imara, na programu yake hubaki ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Mwenye ofisi hataitupa kwa ajili ya namba ya toleo, na mimi singemshauri hivyo.

Mhasibu alipiga tena kuhusu kompyuta yake mwenyewe, ya Windows 7 yenye Outlook 2010. Kumbukumbu zikasema vilevile, `unsupported protocol`. Hiki ni kisa kingine kabisa, ingawa ujumbe ni uleule. Windows 7 inaijua TLS 1.2, ila ilitoka kiwandani ikiwa imezimwa upande wa programu zinazotoka nje kwenda kwenye seva. Inawashwa kwenye rejista ya Windows, chini ya `SCHANNEL\Protocols\TLS 1.2\Client`, kwa kuweka `DisabledByDefault` iwe 0 na `Enabled` iwe 1. Nikafanya hivyo, nikawasha kompyuta upya, nikafungua Outlook. Bado. Lakini kumbukumbu za Dovecot sasa zilikuwa zimebadili usemi:

```
TLS handshaking: SSL_accept() failed: error:0A0000C1:SSL routines::no shared cipher
```

Maana yake ni kwamba toleo sasa limekubaliwa, ila mbinu ya pamoja ndiyo haikupatikana. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kumwambia mteja anunue kompyuta mpya, ilhali kosa ni la aliyeandika orodha. Windows 7 na hata 8.1 zina GCM, lakini zikikutana na cheti cha aina ya RSA hazina mbinu inayochanganya ECDHE, RSA na GCM pamoja. Zinayo ECDHE na RSA kwa mtindo wa CBC, na zinayo GCM na RSA kwa mbinu ya zamani ya kubadilishana funguo iitwayo DHE. Orodha yangu ya Ijumaa ilitaka ECDHE na GCM kwa pamoja, na cheti chetu kilikuwa cha RSA. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa imefika mlangoni na karatasi zote isipokuwa ile moja niliyoitaka mimi. iPhone na iPad za kabla ya iOS 9 zina tatizo linalofanana: zinaijua TLS 1.2, ila GCM hazina kabisa.

Dawa ilikuwa neno moja mwishoni mwa orodha.

```
ssl_cipher_list = ECDHE+AESGCM:ECDHE+CHACHA20:ECDHE+AES
```

`ECDHE+AES` inaongeza zile za mtindo wa CBC nyuma ya foleni. Je, nimelegeza usalama? Kidogo sana. CBC ina historia ya mashambulio ya kupima muda, kama Lucky Thirteen ya 2013, ambayo maktaba zilishaziba. Ufunguo bado ni wa kutupwa, na kufuli ni AES. Vifaa vipya havitaigusa, kwa kuwa seva nimeiambia ichague kwa mpangilio wake, na GCM imetangulia. Orodha hii, kwa taarifa yako, haihusu TLS 1.3 hata kidogo. Toleo hilo lina mbinu zake chache, zenye majina kama `TLS_AES_128_GCM_SHA256`, na OpenSSL inazipanga kwa mpangilio mwingine. Nimewahi kuona mtu akihangaika siku nzima kuziondoa kwenye orodha ambayo hazimo.

Nitoe tahadhari moja kuhusu ujumbe wa `no shared cipher`, kwa kuwa una mzizi mwingine usiotokana na orodha. Certbot, programu ambayo wengi huitumia kupata vyeti vya bure vya Let's Encrypt, tangu toleo la 2.0 la mwishoni mwa 2022 huomba cheti kipya kikiwa cha aina ya ECDSA badala ya RSA. Ukihamia seva mpya ukachukua cheti kipya, kifaa kinachojua RSA peke yake kitapata `no shared cipher` siku hiyohiyo, wala hujagusa mbinu yoyote. Kabla ya kupekua orodha, tazama cheti.

Simu ya mzee ilikuwa ya Android 4.4. Hadithi yake inakaribia ya Windows 7: mfumo unaijua TLS 1.2 tangu 4.1, lakini haikuwa imewashwa kwa programu za kawaida mpaka Android 5. Programu ya barua iliyokuja na simu ile hutumia TLS 1.0 na hapana pa kubofya ili kuibadili. Ningeweza kumwekea Firefox ya zamani asome barua kwenye tovuti ya ofisi, kwa sababu Firefox hubeba maktaba yake ya TLS na haitegemei ya simu. Nilimwambia ukweli: simu isiyopata masasisho ya usalama kwa miaka yote hiyo ina matundu makubwa kuliko hili la TLS, na barua za mikataba ya kampuni zimo humo. Alininunia kidogo. Jumatano alikuwa na simu mpya.

Kitu cha nne sikukigundua Jumatatu, na wala hakuna aliyenipigia simu. Ndicho ninachokiona kikubwa kuliko vyote.

Seva ya barua ina milango yenye namba. Milango ya 993, 465 na 587 ni ya watu wa nyumbani: wafanyakazi wanaingia na nywila zao, wanasoma na kutuma. Hapo TLS ni lazima, na anayeshindwa kukubaliana habaki na njia nyingine. Mlango wa 25 ni wa wageni. Hapo seva za dunia nzima huleta barua bila nywila, na kwa desturi TLS hapo ni hiari: seva ya mgeni ikiweza kufunika, inafunika, isipoweza, inaleta barua ikiwa wazi. Postfix nyingi zimepangwa hivyo zinapotuma. Zikijaribu TLS na kugonga mwamba, zinarudi na kutuma bila kifuniko chochote, ili barua ifike.

Fikiria basi nilichokifanya. Wakala mmoja wa meli tunayeandikiana naye kila siku alikuwa na seva ya zamani inayoishia TLS 1.0. Hadi Ijumaa barua zake zilikuwa zinakuja zikiwa zimefunikwa kwa kifuniko cha kizamani. Kuanzia Jumamosi seva yangu ikakikataa kifuniko hicho, seva yake ikalitupa shuka lote, na hati za mizigo zikawa zinapita wazi kama kadi ya posta. Nilikuwa nimekaza usalama kwenye karatasi, nikauondoa kwenye waya.

Jambo hili linaonekana hata na mtu asiye fundi. Fungua barua yoyote, tafuta mahali pa kuonyesha vichwa vyake kamili, soma mistari inayoanza na `Received`. Kila seva iliyoipitisha barua imeandika humo namna ilivyoipokea. Ukikuta `with ESMTPS`, barua ilikuja imefunikwa katika hatua hiyo. Ukikuta `with ESMTP`, bila S ya mwisho, ilikuja wazi. Barua za wakala yule zilikuwa zimepoteza S yake tangu Jumamosi. Seva nyingine hazirudi nyuma namna hiyo. Huziweka barua foleni na kujaribu tena na tena, kisha baada ya siku kadhaa, tano kwa kawaida ya Postfix, humrudishia mtumaji, naye hukupigia kukuuliza kwa nini humjibu.

Ndiyo maana msimamo wangu leo ni kubana kila mlango kwa kadiri yake. Milango ya nywila naiwekea TLS 1.2 bila huruma. Mlango wa 25 nauachia TLS 1.0 ipite kwa asiye na zaidi:

```
smtpd_tls_mandatory_protocols = >=TLSv1.2
smtpd_tls_protocols = >=TLSv1
```

Mstari wa kwanza unashika pale TLS ilipo lazima, wa pili pale ilipo hiari. Seva za kisasa hazipungukiwi kitu, kwa kuwa pande mbili huchagua toleo la juu kabisa walilo nalo kwa pamoja, na TLS ina namna ya kugundua adui anayejaribu kuwashusha njiani. Na adui anayeweza kubadili mazungumzo njiani, kwenye mlango wa hiari hahitaji kuhangaika na TLS 1.0: anafuta tu lile tangazo la seva linalosema "naweza kufunika". Dawa ya huyo ni nyingine, nayo inaitwa MTA-STS au DANE, ambapo mwenye kikoa anatangaza mapema kwamba barua zake ziletwe zimefunikwa au zisiletwe.

Ulegevu huo una ukuta wake. Usifike SSL 2 wala SSL 3, hata kwenye mlango wa wageni. Machi 2016 lilitangazwa shambulio la DROWN, lililoonyesha kwamba seva ya barua inayokubali SSL 2 inaweza kutumiwa kufungua mazungumzo ya tovuti ya kisasa kabisa, mradi tu vyote viwili vinatumia ufunguo mmoja wa RSA. Mlango wa uani ulifungua nyumba ya mbele.

Turudi kwenye kosa langu la msingi. Nilibana kwanza, nikasikiliza baadaye. Seva ingeniambia kila kitu kama ningeiuliza. Kwenye Postfix unaweka `smtpd_tls_loglevel = 1`, nayo inaandika toleo na mbinu kwa kila mgeni. Kwenye Dovecot unaongeza `%k` kwenye `login_log_format_elements`, nayo inaandika vivyo hivyo pamoja na jina la mtumiaji. Kisha unahesabu:

```
grep 'TLS connection established' /var/log/mail.log \
  | grep -o 'TLSv1[.0-9]*' | sort | uniq -c
```

Wangapi wamekuja na `TLSv1` tupu, wangapi na `TLSv1.2`, wangapi na `TLSv1.3`. Orodha ya wale wa kwanza ni fupi mara nyingi, na ina anwani, kwa hiyo unaweza kumfuata kila mmoja mezani kwake.

Usikilize kwa muda gani? Wengine husema wiki. Mimi nasema mwezi mzima, na uvuke mwisho wa mwezi. Ofisi ile ina programu ya mishahara inayotuma hati za malipo kwa wafanyakazi tarehe za mwisho tu. Inaendeshwa kwa Java 7, ambayo kwa kawaida hujitambulisha kwa TLS 1.0 inapoita seva, ingawa 1.2 inaijua. Siku zote ishirini na kitu hazikusema neno. Ilipoamka tarehe 28, mimi nilikuwa nimeshasahau habari za seva, na wafanyakazi arobaini wakawa wanamuuliza mhasibu zilipo hati zao. Kwa bahati, programu ilikuwa inatumia JavaMail, na mstari mmoja kwenye mipangilio yake, `mail.smtp.ssl.protocols=TLSv1.2`, ukaimaliza shida. Java 8 haihitaji hilo.

Na unapojaribu mwenyewe, usidanganywe na kompyuta yako kama nilivyodanganywa. Ukitaka kuhakikisha kwamba seva imekataa TLS 1.0, utaandika amri ya `openssl s_client` yenye `-tls1`, nayo itashindwa, nawe utafurahi. Lakini OpenSSL mpya iliyo kwenye kompyuta yako ndiyo inayokataa TLS 1.0, kabla hata seva haijaulizwa. Lazima uishushe yenyewe kwanza:

```
openssl s_client -connect mail.example.org:993 \
  -tls1 -cipher 'DEFAULT:@SECLEVEL=0'
```

Kwa mlango wa 25 au 587 unaongeza `-starttls smtp`. Ikishindwa sasa, ndipo uamini kwamba ni seva iliyokataa.

Jambo moja zaidi, nalo ni la kukuepusha na lawama usizostahili. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3 kiliisha muda wake, na simu na kompyuta nyingi za zamani zikaacha kuviamini vyeti vya Let's Encrypt. Kwa mtumiaji tatizo lilionekana lilelile, barua hazishuki. Tofauti inaonekana kwenye kumbukumbu: hapo si seva iliyokataa, ni kifaa, na utaona maneno kama `alert unknown ca` au `alert certificate expired`. Kulegeza TLS hakusaidii lolote hapo.

Skana nayo? Microsoft ilipoamua kuachana na TLS 1.0 na 1.1 kwenye huduma yake ya barua, mwaka 2021 iliwatangazia wenye vifaa vya zamani anwani ya pembeni, `smtp-legacy.office365.com`, ili wale wachache wapite huko na mlango mkuu ubanwe. Nilichukua wazo hilo nikalipunguza kimo. Ndani ya ofisi nimeweka kikompyuta kidogo chenye Postfix yake. Kinapokea kutoka anwani moja tu, 192.168.1.40, kwa TLS 1.0 au hata bila TLS, kisha kinapeleka kwenye seva kuu kupitia mlango wa 587 kwa TLS 1.3 na nywila yake chenyewe. Kipande cha safari kilicho dhaifu ni mita sita za waya kati ya meza ya mhasibu na kabati. Hakipokei kutoka kwa mtu mwingine yeyote, maana kikompyuta cha namna hii kikiachwa wazi, wiki haiishi watumaji wa barua za ulaghai watakuwa wamekihamia.

Kiko pale mpaka leo, juu ya kabati, na karatasi niliyoibandika mwenyewe: kizimwe siku mashine ya fotokopi itakapotolewa.